Mbia mwenzako ametia saini peke yake: deni ni la nani, na ufanye nini

Ukikaa barazani Lamu na wafanyabiashara wa samaki utasikia neno moja likirudiwa: "Mimi sikutia saini, halinihusu." Kwa mtu binafsi neno hilo lina uzito. Kwa mtu aliye kwenye ubia lina uzito mdogo sana, na walioliamini hadi siku ya samansi wamelipa.

Mwongozo huu ni wa ubia wa kawaida: watu wawili, watatu au zaidi wanaofanya biashara pamoja ili wagawane faida, wawe wameandikishana au la. Hauhusu kampuni, wala ule ubia wenye dhima yenye kikomo uliowekewa sheria yake mwaka 2011, kwa sababu huko biashara ni mtu wa kisheria anayejitegemea. Ubia wa kawaida nchini Kenya unatawaliwa na Sheria ya Ubia ya mwaka 2012. Katika jambo hili msingi wake ni ule wa sheria ya Uingereza ya 1890, kwamba kila mbia ni wakala wa biashara na wa wabia wenzake katika shughuli za biashara hiyo.

Nitatumia kisa kimoja mwanzo hadi mwisho. Nimekiunda mwenyewe kutokana na aina ya mambo yanayoletwa mezani kwangu, kwa hiyo usitafute ni cha nani.

Watatu na boti moja

Wapo wabia watatu Lamu. Mmoja ni nahodha, anayeijua bahari na wavuvi. Wa pili ana ghala na mafriza. Wa tatu ni bibi anayeshika daftari, naye ndiye aliyetoa sehemu kubwa ya mtaji. Hununua samaki kwa wavuvi, huwaweka kwenye barafu, huwavusha kwa boti hadi Mokowe, kisha huwapakia garini kwenda Malindi. Faida hugawanywa sawa kwa watatu. Wana karatasi waliyoandikishana, na ndani yake mna kifungu hiki: hakuna mbia atakayeifunga biashara kwa zaidi ya shilingi 100,000 bila saini ya mwenzake mmoja.

Nahodha akaenda Malindi akaona mashine ya boti. Bei 520,000. Akalipa 120,000 kutoka kwenye simu ya biashara, akatia saini kwamba 400,000 iliyobaki italipwa kwa miezi minne, 100,000 kila mwezi. Mkataba ukaandikwa kwa jina la biashara na kupigwa muhuri. Muuzaji akampa yeye binafsi "chai" ya 20,000 kwa kumletea mteja, yaani yeye mwenyewe. Wiki mbili baadaye, palepale Malindi, nahodha akatia saini karatasi nyingine kwa jina la biashara na muhuri uleule, safari hii akimdhamini shemeji yake kwa mkopo wa pikipiki wa 180,000.

Wenziwe wakajua mashine ilipofika gatini. Dhamana waliigundua baadaye, bibi wa daftari alipouona muhuri kwenye nakala iliyosahaulika ndani ya bahasha.

Hatua ya kwanza: msiguse

Jambo la kwanza ni kuacha mashine kama ilivyo. Msiifunge kwenye boti, msiiwashe "tuijaribu tu," na msilipe hata ile 100,000 ya mwezi wa kwanza kabla ya kuamua. Sababu ni hii: mkataba ambao mbia hakuwa na idhini ya kuuingia unaweza kuridhiwa baadaye na wenzake, na kuridhia hakuhitaji karatasi. Ukiitumia mashine ukijua imetoka wapi, matendo yako yatasemwa mahakamani kwamba yaliukubali mkataba. Kukaa kimya kwa miezi huku mashine ikiwafanyia kazi ndiyo njia ya haraka zaidi ya kupoteza hoja yenu.

Kisha kusanyeni: nakala ya mkataba, risiti ya 120,000, ujumbe wote wa simu kati ya nahodha na muuzaji, na karatasi yenu ya ubia. Ujumbe wa simu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, na sababu yake inafuata.

Hatua ya pili: maswali manne

Kujua kama biashara imefungwa, yaani imebanwa na mkataba huo, jibuni maswali manne, na myajibu kwa mpangilio huu.

Je, aliyetia saini ni mbia? Nahodha ni mbia, basi ndiyo. Angekuwa mfanyakazi wa ghala tungetumia kanuni nyingine.

Je, alifanya jambo hilo kwa niaba ya biashara? Mkataba una jina la biashara na muhuri, na pesa ya kwanza ilitoka kwenye simu ya biashara. Ndiyo.

Je, ni jambo la aina ya biashara yenu, lililofanywa kwa njia ya kawaida ya biashara kama yenu? Hapa ndipo penye ubishi. Kipimo si kile mlichokubaliana nyumbani. Kipimo ni mtu wa nje anayeijua biashara ya aina hii: je, angeshangaa kuona mbia wa biashara ya samaki yenye boti akinunua mashine ya boti kwa malipo ya awamu? Mimi naamini hangeshangaa. Angenunua kiwanja, au angeingia biashara ya saruji, jibu lingebadilika.

Je, muuzaji alijua kwamba huyu hana idhini? Swali hili mara nyingi ndilo linaloamua. Kifungu chenu cha 100,000 kinawafunga ninyi watatu. Muuzaji wa Malindi hakimfungi mpaka awe amekijua. Kuandikisha jina la biashara huonyesha wenye jina ni akina nani. Hakumwambii mtu kwamba nahodha ana kikomo. Ndiyo maana nilisema msome ujumbe wa simu. Kama nahodha alimwandikia muuzaji, "wenzangu hawataki lakini nitawakabili mwenyewe," au muuzaji aliwahi kuambiwa na bibi kwamba ununuzi mkubwa una saini mbili, basi muuzaji alijua, na biashara haikufungwa. Ni hivyo hivyo kama muuzaji hakujua wala hakuamini kwamba nahodha ni mbia, akimchukulia kuwa mtu anayejinunulia mwenyewe.

Katika kisa chetu ujumbe hauna chochote cha namna hiyo. Biashara imefungwa, na wabia wote watatu wanadaiwa.

Iko kesi ya Uingereza ya mwaka 1962, kati ya kampuni ya mikopo, Mercantile Credit, na Garrod. Wabia wawili walikuwa na gereji ya kutengeneza magari na kukodisha nafasi za kuyahifadhi, na mkataba wao ulikataza kununua na kuuza magari. Mmoja akauza gari lisilo lake kwa kampuni ile kwa pauni 700. Mahakama ikasema mbia wa pili analipa, kwa kuwa mtu wa nje akiona gereji huona ni jambo la kawaida iuze gari. Kesi kama hiyo haifungi mahakama zetu, ila mawakili huitaja na majaji huisikiliza.

Sasa ile dhamana ya pikipiki. Pitisheni maswali yaleyale. Nahodha ni mbia, na karatasi ina jina la biashara. Lakini swali la tatu linaangusha kila kitu: biashara ya samaki haina kazi ya kudhamini mikopo ya mashemeji. Mbia akiweka jina la biashara rehani kwa jambo lisilohusiana na kazi yake ya kawaida, biashara haifungwi mpaka wenziwe wawe wamemruhusu wazi au wameridhia baadaye. Muhuri hauongezi mamlaka. Muhuri uko kwenye droo, na anayefungua droo anaupiga. Mkopeshaji atabaki na nahodha mwenyewe, ambaye kwa saini yake anaweza kudaiwa binafsi.

Hatua ya tatu: andikeni barua mbili tofauti

Kosa ninaloliona ni wabia kuandika barua moja ya hasira kwenda kwa kila mtu: "Hatutambui lolote lililotiwa saini na nahodha." Kwa mkopeshaji wa pikipiki barua hiyo ni sawa. Kwa muuzaji wa mashine ni hatari, kwa sababu kama biashara imefungwa, kukataa mkataba ni kuuvunja, na muuzaji atadai bei pamoja na hasara nyingine.

Kwa mkopeshaji, andikeni siku ileile mliyogundua: "Dhamana ya tarehe fulani ilitiwa saini na mbia mmoja bila idhini ya wengine na si sehemu ya biashara yetu ya samaki. Hatukuiruhusu, hatuiridhii, na hatutailipa." Msisubiri shemeji ashindwe kulipa. Ukimya wa miezi sita hujengewa hoja.

Kwa muuzaji wa mashine, andikeni kwa uangalifu: kwamba mmepata habari za ununuzi, mashine haijatumika, mnachunguza, na mnaomba asimuuzie nahodha kitu kingine kwa mkopo bila saini mbili. Sentensi hii ya mwisho ni ya thamani kuliko zote. Kuanzia siku anapoipokea, muuzaji anajua kikomo, na mkataba wa kesho hautawafunga. Haifuti ule wa jana.

Hapohapo jaribuni kumshawishi airudishe mashine. Mara nyingi muuzaji hukubali mashine ambayo haijaguswa maji, akikata kidogo, kuliko kufukuzana na watu watatu Lamu. Ndiyo sababu nyingine ya kutoigusa.

Hatua ya nne: kikao na maandishi

Sasa kaeni ninyi watatu, na nahodha awepo. Mnaweza kuwa na uchungu, lakini kikao kisichomwita hakina nguvu. Mambo ya kawaida ya kila siku huamuliwa na wengi, hivyo wawili kwa mmoja wanatosha kuamua kuiuza mashine au kuibakisha. Kubadili aina ya biashara kunahitaji wote wakubali. Na hili watu hulikosea: wawili hawawezi kumfukuza wa tatu kwa kura kama karatasi yenu ya ubia haikuwapa uwezo huo wazi. Nimeona watu wakifunga kufuli jipya ghalani na kutangaza "umetoka," kumbe kisheria bado ni mbia, bado ana haki ya kuona daftari, na bado anaweza kuwafunga kwa mtu asiyejua ugomvi wenu.

Nahodha ana wajibu wa kueleza kila kitu, na wenziwe wana haki ya kuuliza: bei, awamu, aliyemkutanisha na muuzaji, na kama alipata chochote. Hapa ndipo "chai" ya 20,000 inapotoka. Mbia haruhusiwi kujipatia faida ya siri kutokana na shughuli za biashara. Hiyo 20,000 ni mali ya ubia hata kama mashine ingekuwa nzuri na bei yake halali. Akisema "alinipa kama rafiki," urafiki huo ulikuja kwa sababu ya pesa ya wote.

Andikeni yaliyosemwa, tarehe, na kila mmoja atie saini. Nahodha akikataa kutia saini, andikeni kwamba alikataa.

Hatua ya tano: hesabu

Tuseme muuzaji amekataa kuirudisha. Wawili wakaamua kulipa awamu zote, kisha wakauza mashine kwa mtu wa Shela kwa 430,000. Biashara imetoa 520,000 na kurudishiwa 430,000. Hasara ni 90,000.

Kwa hasara ya kawaida kila mmoja angebeba 30,000. Hii si ya kawaida. Nahodha alivunja kifungu cha 100,000, na hasara imetokana na uvunjaji huo, kwa hiyo wenziwe wanaweza kumdai afidie. Kwenye daftari, bibi anaiandika 90,000 yote upande wa nahodha. Anaweza kuilipa taslimu, au ikakatwa kwenye fungu lake la faida mpaka iishe. Wakitaka kupeana mkononi, atampa kila mwenzake 30,000 na ile 30,000 ya kwake abebe mwenyewe. Jumla ni ileile.

Na ile 20,000? Hapa watu hujaribu kudai 110,000. Msidai mara mbili. Mkiipokea 20,000 aliyoficha, ihesabiwe ndani ya 90,000, ibaki 70,000. Lakini kama mashine ingeuzwa bila hasara yoyote, 20,000 bado ingerudi kwenye kapu.

Tofautisheni pia kuvunja kifungu na kukosea tu. Angekuwa amenunua kitu cha 80,000, ndani ya kikomo chake, kikaharibika baada ya mwezi, hiyo ni hasara ya wote. Ubia ni pamoja na kubeba makosa ya uamuzi ya mwenzako. Na kama wenziwe wangeamua kuifunga mashine botini na kuitumia msimu mzima wa kusi, wasije baadaye kumdai fidia: wameridhia.

Upande wa pili nahodha naye ana haki. Kama alitumia pesa yake binafsi kwa jambo la lazima ili kuokoa mali ya ubia, mathalani alimlipa mtu aivute boti iliyokuwa inazama nje ya Mokowe, ana haki ya kurudishiwa hata bila saini ya mwenzake. Kifungu cha saini mbili kisisomwe kana kwamba boti izame ikisubiri bibi afike kutoka sokoni.

Hatua ya sita: mkishtakiwa

Muuzaji akienda mahakamani anaruhusiwa kuwashtaki kwa jina la biashara. Agizo la 30 la Kanuni za Mashauri ya Madai za mwaka 2010 ndilo linaloshughulikia hilo. Samansi inaweza kukabidhiwa mbia mmoja tu. Ndiyo maana mwenye ghala anaweza kushtuka kusikia hukumu wakati yeye hajaona karatasi: nahodha aliipokea akaiweka mfukoni. Samansi ikifika, angalieni siku zilizoandikwa na mjibu ndani yake. Kila mbia hujitokeza kwa jina lake mwenyewe, ingawa kesi inaendelea kwa jina la biashara. Mtu anayeitwa mbia na si mbia ajitokeze akieleza kwamba anakanusha, asikae nyumbani akidhani ukweli utajulikana wenyewe.

Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 la kuuza bidhaa au huduma linaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo ambapo ipo. Muuzaji wa mashine angeweza kuitumia. Na asidanganywe mtu na muda kupita: dai la mkataba kwa kawaida lina miaka 6.

Mkumbuke pia kwamba mdai aliyeshinda anaweza kumfuata mbia mwenye mali kwa deni lote. Kwa kawaida huyo ndiye bibi mwenye mtaji. Akilipa 400,000 peke yake, anageuka kwa wenziwe kudai mafungu yao, na kwa nahodha kudai zaidi. Kwa muuzaji hawezi kusema, "Chukua theluthi yangu, nyingine nenda ukadai kwa wale." Wazee wa mtaa wanaweza kuwapatanisha ninyi watatu, na mara nyingi hufanya hivyo vizuri kuliko wakili. Muuzaji aliyeko Malindi hafungwi na suluhu ya barazani ambako hakuwepo.

Kufunga mlango kabla

Kifungu cha kikomo kwenye karatasi ya ubia hakitoshi, kama tulivyoona. Kinachofanya kazi ni watu wa nje kukijua. Benki ipewe maagizo ya saini mbili. Simu au tili ya biashara isishikwe na mtu mmoja. Ile 120,000 isingetoka kama nambari ya siri isingekuwa kichwani mwa nahodha pekee. Wauzaji mnaonunua kwao mara kwa mara, wale watano au sita wa Lamu, Mokowe na Malindi, wapelekeeni barua fupi: "Kuanzia leo ununuzi wowote wa mkopo unaozidi 100,000 kwa jina letu uwe na saini za wabia wawili, ambao ni hawa." Muhuri uhamie kwa anayeshika daftari, ingawa hilo ni la adabu ya ofisi zaidi kuliko la sheria.

Na nahodha akiamua kutoka, barua nyingine iende kwa wauzaji walewale. Mtu anayemjua kuwa mbia wenu ana haki ya kuendelea kumchukulia hivyo mpaka aambiwe. Hii inamlinda nahodha pia, kwani asipotangazwa anaweza kudaiwa madeni mtakayoyafanya ninyi wawili baada yake. Tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali husaidia kwa wale ambao hamjawahi kufanya nao biashara. Kwa wateja wa zamani pelekeni barua mkononi, yenye tarehe, na anayeipokea atie saini kwenye nakala inayorudi ghalani.